Zabibu kavu kwenye shindano la biashara: mizani kwanza, slaidi baadaye

*"Habari wakuu. Niko mwaka wa pili, chuo hapa Dodoma. Tunaandaa slaidi za shindano la biashara la wanafunzi: tatizo, suluhisho, soko na gharama. Wazo letu ni kukausha zabibu kwa jua. Kilo ya zabibu mbichi tunapata kwa 1,500. Pakiti ya gramu 250 tutauza 3,000, kwa hiyo kilo inatupa 12,000 na faida ni 10,500. Tutavuna misimu miwili kwa mwaka. Kwenye soko tumeweka watu milioni 61, tukipata asilimia 1 tu tumetoka. Mentor anasema majaji hawaingii ndani ya hesabu. Naomba kujua slaidi ngapi zinatosha, rangi gani zinafaa, na nani aongee kati ya watatu?"*

Mdogo wangu, simamisha hizo slaidi leo hii. Usiguse rangi wala usichague msemaji mpaka umenunua kilo 5 za zabibu, umezikausha na kuziweka kwenye mizani. Hiyo 10,500 unayoiita faida haipo. Naijua kwa sababu ilikuwa kwenye slaidi yetu sisi, kwa tarakimu zinazokaribiana na zako, na mtu aliyetuambia tuiache hivyo alitumia maneno yaleyale ya mentor wako kwamba majaji hawaingii ndani ya hesabu.

Wanaingia sana tu. Na jaji akipitiwa, zabibu zenyewe zitakuja kukuhesabia ukiwa umeshalipa.

Umenunua kilo ya mbichi, halafu ukauza kilo ya kavu, na katikati hapo hukuandika kitu. Zabibu mbichi iliyoiva ni maji kwa takriban asilimia 80. Kinachobaki, yaani sukari, ganda, mbegu na vingine, ndiyo yabisi, kama asilimia 20. Zabibu kavu inayoweza kukaa kwenye pakiti bila kuota ukungu inatakiwa ibaki na maji kama asilimia 15. Kukausha hakuongezi yabisi hata gramu moja, kunatoa maji tu. Kwa hiyo hesabu ni fupi, iandike ukutani:

```
kilo kavu = kilo mbichi safi × asilimia ya yabisi ÷ 85
```

Kilo moja safi yenye yabisi asilimia 20 inakupa kilo 0.235, ambayo haijazi hata pakiti moja ya gramu 250. Wewe umeandika pakiti nne.

Na angalia hilo neno "safi". Kilo unayonunua shambani siyo kilo unayotandaza kwenye chekeche. Kichala kina kikonyo chake, kuna punje zilizopasuka kwenye kreti njiani, kuna zilizooza katikati ambazo hukuziona wakati mkulima anapima, kuna kijani ambazo hazijaiva. Ukichambua kwa uaminifu unapoteza kilo 10 hadi 15 katika kila 100. Waliokusanya zabibu wakati wa joto kali, wakazirundika kwenye kreti ndefu na kuzipakia kwenye Noah mchana, wanapoteza zaidi, maana za chini zinageuka juisi.

Sasa twende nalo taratibu, tufanye na kilo 100 kwa bei zako. Bei za vitu vingine nimeweka za mfano, wewe utaweka za risiti zako.

Umenunua kilo 100 kwa 1,500, ni 150,000. Usafiri kutoka Mpunguzi au Hombolo hadi mjini, sema 10,000. Vibarua wawili wa kuchambua, kuosha na kutoa vikonyo, 8,000 kila mmoja, ni 16,000. Gesi na maji, 6,000. Baada ya kuchambua umebaki na kilo 88. Zidisha kwa 20, gawanya kwa 85, unapata kilo 20.7. Zikishakauka unachambua tena, maana kuna vikonyo vidogo vilivyojificha, kuna punje zilizoganda kwenye wavu na zilizopata vumbi. Umebaki na kilo 20. Hizo ni pakiti 80. Kifungashio chenye zipu na lebo yake, weka 400 kwa kila kimoja, ni 32,000.

Jumla umetumia 214,000. Gawa kwa pakiti 80, kila pakiti imekugharimu 2,675 kabla haijatoka mlangoni.

Unasema utauza 3,000, umebakiwa na 325. Lakini utauza wapi? Kama ni kwa mkono, pale Nyerere Square, mwanafunzi mmoja mmoja, sawa, 325 ni yako, ila muda wako hujaulipa. Ukipeleka dukani, mwenye duka naye anataka chake. Ili auze 3,000 atachukua kwako kwa 2,400 hivi. Sasa pakiti iliyokugharimu 2,675 umeiuza 2,400. Kila pakiti inayotoka unapoteza 275, na kadiri biashara inavyochangamka ndivyo unavyozama. Kwa kilo 100 hizo umepoteza 22,000, na kikaushio chenyewe hatujakigusa.

Kwenye slaidi yako kilo 100 hizohizo zimekupa pakiti 400 na shilingi 1,200,000, wakati mwenye duka atakulipa 192,000.

Sisi tulipita raundi ya kwanza na slaidi kama hiyo. Hilo ndilo lililotuponza, maana tungekataliwa mapema tungebaki na pesa zetu. Waandaaji walitoa kiasi kidogo cha kutengenezea sampuli. Sisi kwa kuona faida ya mara saba imeandikwa kwa herufi kubwa ya kijani, tukaongezea bumu. Bumu la watu wanne, wakuu, wakati muhula ndiyo kwanza unaanza. Tukanunua zabibu za kutosha kujaza chumba. Zilipokauka, mwenzetu mmoja aliingia akauliza nyingine zimewekwa wapi. Hakukuwa na nyingine. Chumba kizima kilikuwa kimeingia kwenye mabeseni machache ya plastiki.

Na kwenye fainali alikuwepo jaji mmoja mama, mfanyabiashara wa mboga za kukausha. Hakuuliza soko, hakuuliza maono. Alichukua sampuli yetu, akaipimapima mkononi, akauliza: "Kilo moja ya hii imetoka kwenye kilo ngapi mbichi?" Msemaji wetu, kijana mwenye sauti nzuri na suti ya kuazima, akajibu "moja na nusu" bila kupepesa. Yule mama akasema, "Mwanangu, mimi nakausha. Moja na nusu haipo," akaweka kalamu chini. Maswali mengine yote tuliyojiandaa nayo hakuna aliyeyauliza.

Nikirudi kwa mentor. Yule wa kwetu alikuja na kiolezo alichokitumia kwenye wazo la programu ya simu la kikundi kingine. Kwenye programu ya simu, mteja wa elfu moja hakugharimu malighafi, kwa hiyo ukurasa wa gharama ulikuwa na mistari mitatu: matangazo, mishahara, mengineyo. Akatuambia tubadilishe maneno tu. Kila tulipotaka kuongelea vikonyo na kreti alisema hayo ni "mambo ya uendeshaji", majaji wanataka picha kubwa. Hakuwahi kuja kuona zabibu. Hakuwahi kuuliza tunatumia mizani gani. Mpaka leo nakasirika, kwa sababu alikuwa analipwa posho ya kutushauri na sisi ndio tuliokula chapati kavu muhula mzima. Mentor wako akikuambia tena kuwa majaji hawaingii ndani ya hesabu, mwambie akae mezani na kalamu akuonyeshe pakiti moja inatengenezwa kwa shilingi ngapi. Asipoweza, mshukuru kwa muda wake na umtafute mama yeyote anayekausha mboga au kusaga unga wa lishe. Huyo atakufaa zaidi kwa nusu saa.

Kanuni yangu ni moja tu: slaidi ya kwanza kutengenezwa ni gharama ya pakiti moja, na nyingine zote zinatoka humo. Kwenye mpangilio itakaa mwisho, sawa, lakini kwenye kazi inaanza yenyewe. Nikuonyeshe inavyofanya kazi, maana usipoona utadhani naongea kwa hasira tu. (Hasira zipo pia.)

Kwanza jaribio la kilo 5. Nenda Majengo au shambani, nunua kilo 5 za aina ileile utakayotumia. Tafuta mizani ya kidijitali ya jikoni, siyo ile ya kamba inayoning'inia, maana tofauti ya gramu 50 hapa ina maana. Pima zikiwa kwenye vichala, andika. Chambua, toa vikonyo, pima tena, andika. Zitumbukize sekunde chache kwenye maji yanayokaribia kuchemka kisha uzitoe. Ganda la zabibu lina nta kwa juu inayozuia maji kutoka, na ule moto unaifanya ipate nyufa ndogondogo. Usipofanya hivyo zinaweza kukaa juani wiki 2 hadi 3. Tandaza safu moja juu ya wavu, usirundike, funika na chandarua au weka ndani ya kikaushio cha nailoni.

Utajua zimekauka kwa kushika konzi na kubana kwa nguvu. Ukifungua mkono punje ziachane zenyewe na kiganja kisilowe. Zikibaki zimeshikana bonge, bado. Zikiwa ngumu zinagonga kama kokoto umepitiliza, na umejipunguzia uzito wa kuuza. Pima mara ya mwisho. Kilo 5 zikikupa kilo moja uko pazuri. Zikikupa gramu 700, kuna kitu, na mara nyingi ni kwamba zabibu zilivunwa mapema.

Hapa pana siri ambayo haimo kwenye kiolezo chochote. Sukari ndiyo sehemu kubwa ya yabisi. Zabibu iliyovunwa kabla ya wakati inaweza kuwa na yabisi asilimia 16, iliyoachwa ikaiva vizuri ikafika 22. Chukua zile kilo 88 zetu. Kwa 16 unapata kilo 16.6 kavu, kwa 22 unapata 22.8. Bei shambani ni ileile, lakini tofauti ni kilo 6, yaani pakiti 24 ama umezipata ama umezikosa. Mkulima anavuna mapema kwa sababu anahitaji pesa, au ndege wanamaliza, au anaogopa wezi, na humlaumu. Ila wewe mnunuzi inabidi uonje, au uazime kipima sukari kile cha kuchungulia kwa jicho, watu wa kilimo na wa mvinyo wanacho. Unakamua tone moja unasoma. Andika namba hiyo pembeni ya uzito. Jaji akiona jedwali dogo lenye uzito wa mbichi, safi, kavu na kiwango cha sukari, ataona kabisa kuwa ninyi mmeshika mzigo wenyewe.

Ukishapata namba yako, geuza hesabu. Usiulize "nitapata faida kiasi gani", uliza "bei ya juu kabisa ninayoweza kumlipa mkulima ni ipi". Kwa mfano wetu, duka linakulipa 2,400 kwa pakiti 80, ni 192,000. Toa gharama zote ambazo siyo zabibu: 10,000, 16,000, 6,000 na 32,000, jumla 64,000. Inabaki 128,000 kwa kilo 100. Kwa hiyo 1,280 kwa kilo ndiyo mwisho wako, na hapo umetoka sare. Wewe unanunua 1,500. Umeshashindwa kabla jua halijachomoza.

Sasa tuseme umefika shambani wakati mavuno yamekolea, matanki ya wasindikaji wa mvinyo yamejaa na mkulima ana vichala vinavyoanza kuoza, akakuuzia 800. Zabibu 80,000, mengine 64,000, jumla 144,000. Gawa kwa 80, pakiti imekugharimu 1,800. Ukiuza 2,400 dukani unabakiwa na 600 kila pakiti. Hapo sasa ni biashara.

Na umeona? Slaidi yako ya tatizo imejiandika yenyewe. Msiandike "wakulima wanapata hasara kubwa", kila kikundi kimeandika hivyo. Andikeni kwamba mkulima wa zabibu anategemea wanunuzi wachache wa mvinyo, kwamba zabibu ikishakatwa ina siku chache tu, na kwamba ninyi mnanunua zile zilizokosa mnunuzi, kwa bei isiyozidi 1,280. Suluhisho nalo limekaa, maana biashara yenu inasimama tu pale ambapo mkulima ana tatizo kweli. Ukinunua wakati mzuri kwake, unashindana na kiwanda cha mvinyo na hutamweza.

Kuhusu misimu miwili, kweli Dodoma inavunwa mara mbili, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Lakini nani kakuambia jua ni lilelile? Februari na Machi ndiyo mvua zetu. Mawingu, hewa ina unyevu, usiku umande unatua kwenye nailoni kwa ndani na kudondokea zabibu. Asubuhi unakuta zina utando wa kijivu na harufu ya pombe. Agosti na Septemba ni kavu, jua kali, upepo wa kutosha, adui wako ni vumbi tu na hilo linazuilika kwa kufunga kikaushio vizuri. Kwenye slaidi wekeni msimu mmoja. Mkisema msimu wa mvua mtautumia kukarabati na kuuza akiba ya Septemba, jaji atawaheshimu. Mkizidisha mara mbili, jaji yeyote aliyekaa Dodoma mwaka mzima atawauliza kuhusu mvua.

Soko. Watu milioni 61 ni sensa ya 2022, 61,741,120, sawa. Asilimia 1 ni watu 617,411. Kila mmoja akinunua pakiti moja tu ya gramu 250, unahitaji zaidi ya tani 154 za kavu. Kwa kilo 5 mbichi kutoa moja kavu, hizo ni kama tani 771 za mbichi. Mna kikaushio cha ukubwa gani? Tuseme chekeche zenu zina jumla ya mita za mraba 20, na kila mita inabeba kilo 10. Hizo ni kilo 200 kwa mkupuo. Mtahitaji mikupuo zaidi ya 3,800. Ndiyo maana nasema namba ya soko inatoka kwenye gharama na uwezo, haitoki kwenye sensa.

Ifanye hivi. Kikaushio cha kilo 200, kila mkupuo siku 8 pamoja na kusafisha, msimu wa wiki 6. Mikupuo 5. Kilo 1,000 mbichi, pakiti 800. Basi. Soko lenu mwaka wa kwanza ni pakiti 800. Mkizigawa kwa miezi 5 hivi, ni pakiti 40 kwa wiki, yaani maduka 10 yanayouza pakiti 4 kila wiki. Sasa tembea. Ingia maduka 10 mjini, Majengo, Area C, Area D, karibu na vyuo, uliza kama watapokea, kwa bei gani, na wanalipaje. Slaidi ya soko yenye orodha ya maduka 10 yaliyokubali kujaribu inashinda duara la rangi tatu lenye mamilioni. Na mkienda na sampuli mtagundua jambo ambalo hamjaliandika popote: zabibu nyekundu ya Makutupora ina mbegu. Chenin Blanc nayo ina mbegu. Zabibu kavu zinazouzwa sokoni kwa kupimwa, zile za kutoka nje, hazina. Mama anayepika keki au pilau ya shughuli akitafuna mbegu hatarudi. Anayetafuna njiani kama karanga halalamiki sana. Hiyo inabadilisha mteja wenu ni nani, na hamtaijua mkiwa mmekaa maktaba.

Rudi kwenye gharama, maana hapa ndipo wengi wanaodhani wamemaliza wanaanguka mara ya pili. Pakiti 800 mara 600 ni 480,000. Hiyo ndiyo inayolipia kikaushio. Kama kujenga kikaushio ni 2,000,000, kinarudi baada ya misimu minne na kidogo, na nailoni ile ya jua kali huenda umeshaibadilisha kabla ya hapo, kwa hiyo weka na hiyo. Msiogope kuandika miaka minne. Waandikieni pia njia ya kuifupisha, kwa mfano kukaushia mboga au nyanya miezi mingine, lakini kila bidhaa mpya lazima ipite kwenye mizani kama zabibu. Nyanya ina maji kuliko zabibu, usije ukarudia hesabu ileile.

Halafu kuna pesa ya kuzungushia. Zabibu zote mnazinunua ndani ya wiki 6, kwa pesa mkononi, maana mkulima mwenye shida hakopeshi. Kilo 1,000 kwa gharama ya 144,000 kila 100 ni 1,440,000, yote imetoka kabla mwezi wa pili haujaisha. Inarudi lini? Maduka mengi yatachukua kwa mali kauli. Unaacha pakiti 12 leo, unapita baada ya wiki mbili tatu, anakuambia zimetoka 5, anakulipa za 5. Kwa hiyo mwezi wa tatu kwenye daftari mna faida na mfukoni hamna kitu. Sisi tuliishi hapo. Kiasi mnachoomba kwa waandaaji ni kikaushio 2,000,000 jumlisha 1,440,000 ya kuzungushia, 3,440,000, na mseme kila shilingi inakwenda wapi na inarudi mwezi gani. Chora mstari wa miezi: Agosti na Septemba pesa inatoka, Oktoba hadi Februari inarudi kidogokidogo. Kikundi kinachoomba 10,000,000 "kwa ajili ya kukuza biashara" kinaulizwa swali moja tu na kinakaa chini.

Ongezeni pia mstari wa usajili. Chakula cha kwenye pakiti kinapitia TBS, bidhaa yenyewe na hata sehemu mnayotengenezea, na mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO kwa utambulisho. Nendeni wenyewe ofisini mkaulize kinachohitajika kwa hali yenu, mkiweka sifuri mtaonekana hamjui kuwa kipo.

Slaidi ngapi? Zozote, mkuu, kumi zinatosha. Nani aongee? Aongee aliyeshika mizani. Kama ni yule mwenye haya kuliko wote, aongee yeye, maana swali la kilo ngapi mbichi likija atajibu bila kumtazama mwenzake.

Nunua hizo kilo 5 wiki hii, na vipimo vyote vinne vya uzito viweke hapahapa: za kwenye kichala, baada ya kuchambua, baada ya kukauka, na baada ya kuchambua mara ya mwisho. Weka na bei uliyonunulia na jina la kijiji. Nitakaa nawe tupige hesabu ya pakiti upya, na huyo mentor mlete naye kwenye uzi.